Nukta Moja, Matao Mawili

Wimbo wa furaha unaofunga Simfoni ya Tisa ya Ludwig van Beethoven ulisikika hadharani kwa mara ya kwanza mjini Vienna, tarehe 7 Mei 1824. Leo unajulikana hata na watu wasiolijua jina la aliyeutunga. Baraza la Ulaya liliufanya wimbo wake rasmi mwaka 1972, na makanisa mengi huuimba kwa maneno ya sifa. Ukiutazama kwenye karatasi, unashangaza kwa wepesi wake. Sauti inatembea kati ya do na so, na mara moja tu inashuka kugusa so ya chini. Nota karibu zote zina urefu ule ule wa pigo moja.

Kwa karatasi tu, wimbo wa namna hiyo ungetarajiwa kumchosha msikilizaji kabla haujafika katikati. Hauchoshi, na sehemu ya siri yake imo katika alama tatu ndogo ambazo mwimbaji mwenye haraka huzipita bila kuziona. Ya kwanza ni nukta iliyo kando ya nota. Ya pili ni tao linalounga nota mbili za sauti ile ile, ambalo wanamuziki huliita tai. Ya tatu ni tao linalounganisha nota za sauti tofauti, nalo huitwa sla. Nukta na tai hubadilisha muda ambao nota inadumu. Sla haigusi muda hata kidogo, kazi yake ni kueleza jinsi nota moja inavyoingia katika nyingine. Katika vipimo 16 vya wimbo huu zote tatu zimo, na kila moja imewekwa mahali ambapo ingeondolewa wimbo ungepungukiwa.

Tuanze na urefu wa nota wenyewe. Katika wimbo wenye mapigo manne kwa kila kipimo, nota nzima inajaza kipimo chote. Nusu nota inachukua mapigo mawili, robo nota pigo moja, na nota ya thumni, yaani moja ya nane, nusu ya pigo. Kila nota ni nusu ya ile iliyoitangulia. Mpango huu ni mzuri, lakini una pengo: hauna nota ya mapigo matatu, wala ya pigo moja na nusu. Nukta ndiyo inayoliziba pengo hilo.

Kanuni ya nukta haibadiliki: inaiongezea nota nusu ya urefu wake yenyewe. Nusu nota yenye nukta ni mapigo mawili na moja, jumla matatu. Robo nota yenye nukta ni pigo moja na nusu. Thumni yenye nukta ni robo tatu ya pigo. Kwa hiyo nukta haina thamani yake peke yake. Anayeambiwa kwamba nukta ni nusu pigo atapatia kwenye robo nota na kukosea kwenye nusu nota, kwa kuwa pale nukta ni pigo zima. Alama za kimya nazo huwekwa nukta kwa hesabu hiyo hiyo.

Sasa tuitazame ikifanya kazi. Vipimo vitatu vya mwanzo vya wimbo wa Beethoven vina robo nota tupu, nne kwa kila kipimo, jumla 12. Sikio linaanza kuuzoea mwendo huo na kutarajia zaidi ya hayo. Kipimo cha nne kinaanza na mi yenye nukta, kinafuata re fupi ya thumni, kisha re ya mapigo mawili. Kwa mara ya kwanza mwendo umevunjwa. Mi inalivuka pigo la pili bila kulisema, re fupi inasukumwa kuelekea mbele, na re ndefu inatua. Kwa nota hizo tatu msikilizaji anajua kuwa mstari umekwisha, hata kama hajui neno moja la Kijerumani.

Kuihesabu si kazi kubwa, ila inataka uaminifu. Hesabu kipimo kwa sauti: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Mi inaanza kwenye "moja" na kudumu mpaka "mbili" imeshatamkwa. Re fupi inaingia kwenye "na" inayofuata "mbili", wala si kwenye "mbili" yenyewe. Re ya mwisho inaanguka kwenye "tatu" na kushikiliwa mpaka kipimo kiishe. Wengi huteleza hapo kwenye "mbili", kwa sababu mwimbaji asiyehesabu hana kitu cha kumwambia kuwa pigo hilo limepita.

Kuteleza kwenyewe ni kwa namna mbili. Wapo wanaoisahau nukta kabisa, wakaimba mi ya pigo moja na re ya pigo moja. Hao hujulikana upesi, maana mstari unapoteza msukumo na kutembea kwa miguu mizito. Kundi la pili ni gumu zaidi kulitambua. Hawa wanaona kuwa mi ni ndefu na re ni fupi, lakini wanayagawa mapigo mawili kwa mafungu matatu: mafungu mawili kwa mi, moja kwa re. Nukta inataka mafungu manne: matatu kwa mi, moja kwa re. Wimbo ukienda kwa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu ya sekunde. Mi iliyoimbwa sawasawa inadumu robo tatu ya sekunde, na re robo ya sekunde. Ikiimbwa kwa mafungu matatu, re inaingia mapema kwa chini ya moja ya kumi ya sekunde. Mwimbaji mmoja akifanya hivyo peke yake huenda asigundulike. Kwaya ya watu 30 ikigawanyika, nusu wakiimba hivi na nusu vile, konsonanti za silabi hiyo zinagongana na maneno yanakuwa ukungu. Mwalimu wa kwaya anayesikia silabi fupi imetawanyika asikimbilie kulaumu matamshi. Aanze kwa kuwapigisha makofi yale mafungu manne.

Katika Afrika Mashariki nukta ina mtego wake maalumu. Kwaya nyingi za Tanzania na Kenya zimelelewa kwa solfa, ule uandishi wa herufi d, r, m, f ulioenezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 na kuletwa na wamisionari. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, ambaye wimbo wake wa mwaka 1897 ndio uliotoa sauti ya wimbo wa taifa wa Tanzania, naye aliandika kwa solfa. Katika solfa nukta ipo, lakini kazi yake ni nyingine kabisa: inaligawa pigo katika nusu mbili. Kinachorefusha nota ni kistari. Mi, re na re za kipimo cha nne huandikwa hivi:

```
| m :- .r | r :- |
```

Nukta mbili zilizosimama hutenganisha mapigo. Mi inachukua pigo la kwanza, kistari kinaipeleka mpaka nusu ya pigo la pili, nukta inaligawa pigo hilo, na re inaingia kwenye nusu iliyobaki. Urefu ni ule ule wa kwenye mistari mitano, lakini nukta ya huko iko mbele ya re fupi, ilhali kwenye mistari mitano iko nyuma ya mi ndefu. Mwanakwaya aliyebobea katika solfa, akikabidhiwa karatasi ya mistari mitano kwa mara ya kwanza, huitazama nukta na kudhani kuna kitu kinakatwa. Heri aambiwe mapema kuwa hapa kuna kinachoongezwa.

Hata ndani ya mistari mitano yenyewe kuna nukta mbili za kutochanganya. Inayorefusha hukaa kuume kwa kichwa cha nota, na nota ikiwa juu ya mstari, nukta husogezwa kwenye nafasi iliyo juu yake ili isizamishwe na wino wa mstari. Ile inayowekwa juu au chini ya kichwa cha nota ni ya stakato, nayo inaagiza nota ikatwe mapema. Nukta kuume inaongeza, nukta juu au chini inapunguza. Nakala iliyorudufiwa mara nyingi kwa fotokopi huongeza madoa yake yenyewe, na katika karatasi za namna hiyo dawa ni kujumlisha mapigo ya kipimo. Yakitimia manne pamoja na nukta, nukta ni ya kweli. Yakizidi, hilo ni doa.

Ukali huu wa hesabu haukuwapo siku zote. Katika karne ya 18 nukta ilikuwa na ulegevu, na wapigaji waliirefusha kadiri wimbo ulivyotaka uchangamfu. Leopold Mozart, baba yake Wolfgang, alikishughulikia jambo hilo katika kitabu chake cha kufundishia fidla kilichochapishwa Augsburg mwaka 1756. Alitaka nota yenye nukta ishikiliwe zaidi ya hesabu yake katika sehemu fulani, na ili kuondoa ubishi akatumia nukta mbili. Nukta ya pili inaongeza nusu ya ile ya kwanza: robo nota yenye nukta mbili ni pigo moja, na nusu, na robo. Alama hiyo ilibaki, na hadi leo inaonekana katika maandamano na nyimbo za fahari.

Nukta ina mpaka wake. Haiwezi kutoa urefu wa mapigo mawili na nusu, wala matano, na kwa uandishi wa leo haiwezi kuivusha nota kutoka kipimo kimoja hadi kingine. Zamani baadhi ya watunzi waliiandika ng'ambo ya pili ya kistari cha kipimo, nota upande huu na nukta yake upande ule, lakini desturi hiyo ilififia. Kazi hizo zote zilichukuliwa na tai.

Tai ni tao fupi linalotoka kwenye kichwa cha nota moja hadi kichwa cha nota inayofuata, na nota hizo lazima ziwe za sauti ile ile kabisa. Maana yake ni hii: jumlisha urefu wa zote mbili, anza kwenye ya kwanza, na ya pili usiianze upya. Nusu nota iliyofungwa tai na thumni inatoa mapigo mawili na nusu. Nota nzima iliyofungwa na robo nota ya kipimo kinachofuata inatoa mapigo matano. Tai zinaweza kufuatana, nota baada ya nota, na sauti moja ikadumu vipimo kadhaa.

Mahali pazuri pa kuitazama ni kipimo cha 12 cha wimbo wetu. Mpaka hapo nukta imetokea mara mbili, kipimo cha 4 na cha 8, kila mara ikifunga mstari kwa namna ile ile. Mstari wa tatu unapoelekea mwisho, sikio limeshafundishwa kungoja mfungo huo. Badala yake kunakuja do, re, kisha so ya chini, ile ya pekee, zote za pigo moja moja. Kwenye pigo la nne, wakati mwimbaji angepaswa kuwa anapumzika, mi ya mstari wa nne inaingia mapema kwa pigo zima. Mi hiyo imefungwa tai na mi ya kwanza ya kipimo cha 13. Inavuka kistari cha kipimo ikiwa imeshikiliwa, na pigo la kwanza la kipimo kipya, ambalo kwa kawaida ndilo lenye uzito kuliko yote, linapita bila sauti mpya kuanza.

Hilo ndilo tendo la ujasiri kuliko yote katika wimbo huu. Mstari wa nne ni marudio ya mstari wa pili, nota kwa nota. Bila ile mi iliyowahi, msikilizaji angejua kila kitu kabla hakijaja. Kwa kuwahi pigo moja, Beethoven anampata akiwa hajajiandaa, na wimbo unaonekana kushindwa kuizuia furaha yake mpaka zamu yake ifike.

Vitabu vingi vya nyimbo za makanisa vimeiondoa tai hiyo. So ya chini imerefushwa kuwa mapigo mawili, na mi inaanza kwa utulivu kwenye pigo la kwanza la kipimo kinachofuata. Sababu inaeleweka: waumini mia tatu wasiofanya mazoezi huingia kwa urahisi zaidi kwenye pigo la kwanza. Ni hasara hata hivyo, na kwaya iliyofanya mazoezi haina sababu ya kuikubali.

Makosa ya tai husikika wazi. La kwanza ni kuipiga nota ya pili upya. Mwimbaji hufika kwenye pigo la kwanza, mkono wa mwalimu unashuka, na kifua kinajibu kwa kusukuma pumzi, hivyo mi inayotakiwa kuwa moja inakuwa mbili. Kosa la pili ni kuchelewa: waimbaji wanavuta pumzi baada ya so ya chini, pumzi inakula pigo la nne lote, na wanaanza pamoja na kistari. Kwenye kinanda cha kanisani kosa la kwanza ni la aibu zaidi, kwa sababu sauti ya kinanda haififii yenyewe. Kidole kikiinuka na kurudi, kila aliye kanisani anasikia. Mpiga kinanda anapaswa kukiacha kidole kimekaa mahali pake hata kama mkono uliobaki unabadilisha nota nyingine zote.

Zoezi linalofaa ni kuwaambia waimbaji wapige kofi moja hasa kwenye pigo la kwanza la kipimo cha 13 wakati sauti yao imeshikilia mi. Kofi lisikike, sauti isitikisike. Mwanzoni karibu wote hutikisika. Pumzi ivutwe kabla ya wakati huo, mwishoni mwa mstari wa pili, kisha katikati ya mstari wa tatu ikibidi, ili so ya chini iunganike na mi bila pengo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tai hutumika hata mahali ambapo nukta ingetosha. Jibu lipo katika muziki wa dansi. Rumba ya Cuba na ile ya Kongo zina mgawanyo unaosikika sana, wa thumni nane zilizopangwa kwa mafungu ya tatu, tatu na mbili. Kwa hesabu tupu, fungu la kwanza ni robo nota yenye nukta, la pili vilevile, na la tatu ni robo nota ya kawaida. Lakini fungu la pili linaanza nusu ya pigo la pili na kulivuka pigo la tatu, ambalo ni katikati ya kipimo. Waandishi makini hawaifichi katikati hiyo. Huandika thumni kisha tai kuelekea robo nota, ili jicho la msomaji lione wazi pigo la tatu liko wapi. Sauti ni ile ile, urefu ni ule ule, ila mpiga ngoma au mpiga besi anayesoma kwa mara ya kwanza hapotei.

Tao la pili, sla, linafanana na tai kwa umbo, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. Tofauti inajulikana kwa kutazama vichwa vya nota. Tao likiunga nota mbili zinazofuatana za sauti moja, ni tai. Likiunga nota za sauti tofauti, au likafunika kundi zima la nota, ni sla. Kuna sehemu moja ya kuangalia kwa makini: nota mbili zinaweza kukaa kwenye mstari mmoja na zisiwe sauti moja, ikiwa ya pili imepandishwa kwa alama yake. Hapo tao ni sla, na sauti lazima ibadilike. Upande mwingine, nota iliyopandishwa ikifungwa tai hadi kipimo kinachofuata, hubaki imepandishwa kwa muda wa tai hiyo, ingawa alama haikurudiwa.

Sla inasema: usikate kati ya nota hizi. Kila chombo kinalitii agizo hilo kwa mwili wake. Mpiga fidla anazipiga nota zote kwa mvuto mmoja wa upinde. Mpiga tarumbeta anagusa kwa ulimi nota ya kwanza tu, nyingine anazipata kwa vidole, midomo na pumzi. Mpiga gitaa anachuna mara moja na kuzitoa zinazofuata kwa vidole vya mkono wa kushoto. Mpiga piano hakiinui kidole kimoja mpaka kinachofuata kimeshuka. Katika hayo yote hakuna nota inayoongezwa wala kupunguzwa muda. Thumni chini ya sla bado ni nusu ya pigo.

Sla inaweza pia kueleza uzito. Nota mbili zilizounganishwa kwa sla fupi hupigwa, kwa desturi ya karne ya 18, ya kwanza ikiegemewa na ya pili ikilegezwa. Simfoni ya 40 ya Wolfgang Amadeus Mozart, ya mwaka 1788, inaanza kwa jozi za namna hiyo kwenye fidla, sauti ikishuka nusu hatua ndani ya kila sla, na msikilizaji husikia kitu kinachofanana na mtu anayeshusha pumzi. Zikipigwa bila sla, nota zote zikiwa na uzito sawa, huzuni ile inapotea ingawa hakuna nota iliyokosewa.

Kwa mwimbaji sla ina maana ya ziada inayomgusa kila siku: nota hizi zote ni za silabi moja. Rudi kwenye kipimo cha 10 cha wimbo wa Beethoven. Pigo lake la pili limegawanywa katika thumni mbili, mi na fa, na tao liko juu yake. Maneno ya Kijerumani yana silabi nne katika kipimo hicho na nota ni tano, hivyo silabi ya pili inabeba nota mbili. Katika solfa jambo hilo huonyeshwa kwa mstari uliopigwa chini ya herufi mbili. Mwimbaji anapaswa kuipandisha irabu kutoka mi hadi fa kwa mtiririko mmoja. Kosa la kawaida ni kuingiza "h" katikati, "a-ha" badala ya "aa", kwa sababu koo linataka msaada wa kubadilisha sauti. Mwalimu akitaka kulinasa, awaimbishe waimbaji kipimo hicho polepole kwa irabu moja tu, huku kila mmoja ameweka kiganja mbele ya mdomo. Pumzi ikipiga kiganja kati ya nota mbili, "h" imeingia.

Hapa Kiswahili kinakuja na mahitaji yake. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtafsiri wa nyimbo asipoutazama, nukta humwadhibu. Chukua neno "milele" na ujaribu kuliweka kwenye mfungo wa kipimo cha nne. Kwa kugawa silabi moja kwa kila nota, "mi" inapata nota ndefu yenye nukta, "le" ya kati inapata thumni, na "le" ya mwisho inapata mapigo mawili. Silabi yenye mkazo imeangukia nota fupi kuliko zote, na neno linasikika limepindishwa, kana kwamba mzungumzaji si mwenyeji wa lugha. Tiba ni sla. Funga nota yenye nukta pamoja na ile thumni kwa tao moja, uzipe zote mbili "le" ya kati, na "mi" isogezwe nyuma kwenye nota ya mwisho ya kipimo cha tatu. Sasa mkazo una mapigo mawili kamili ya kujinyoosha, na silabi ya mwisho inatua kwenye "tatu". Nukta bado inafanya kazi yake ya kusukuma mbele, ila sasa inasukuma ndani ya silabi moja.

Hali kinyume hutokea vilevile. Silabi za Kiswahili zikizidi za lugha ya awali, sla iliyokuwa kwenye mi na fa haitakiwi tena, kwa kuwa kila nota imepata silabi yake. Iachwe kwenye karatasi, na nusu ya kwaya itajaribu kuitii huku nusu ikifuata maneno. Nyimbo zenye beti nyingi hukutana na shida hii mara kwa mara: ubeti wa kwanza unahitaji tao, wa pili haulihitaji. Wachapaji wenye uzoefu hulichora tao hilo kwa vistari vilivyokatika, na mwimbaji anajua kuwa litatumika kwa baadhi ya beti tu.

Zote tatu zinaweza kukutana mahali pamoja. Sla ndefu hufunika mstari mzima wa sauti, na ndani yake ikawamo tai fupi, na nota yenye nukta. Zisomwe kwa mpangilio: kwanza nukta na tai, ili urefu wa kila nota ujulikane, kisha sla, ili ijulikane pa kuunganisha na pa kukata. Wanaoanza na sla hujikuta wakivuta nota kupita muda wake kwa kudhani kuwa kuunganisha ni kurefusha.

Kwa mwalimu wa kwaya mwenye kitabu ambacho wimbo wa furaha umeondolewa tai yake, kazi iliyobaki ni ndogo. Achukue penseli, aende kipimo cha 12, aikate so ya chini iwe ya pigo moja, aandike mi kwenye pigo la nne, na achore tao kuvuka kistari hadi mi inayofuata. Kisha awape waimbaji wake mazoezi ya kuishikilia mpaka kofi lisiwatikise, na awaimbie watu wimbo kama Beethoven alivyouandika.